Kapu halijui kwamba umehamia kwenye ugali

Kila msimu wa kujadili mishahara naletewa dhana ileile: takwimu za mfumuko wa bei zikikosea, zinakosea kwa kupunguza. Viongozi wa matawi ya wafanyakazi wanaisema kwa uhakika, na waajiri nao wameacha kuibishia. Nimeichoka. Fahirisi ya bei, yaani namba inayoonyesha bei zimefika wapi kulinganisha na mwaka wa kuanzia, ikitumia kapu lisilobadilika, yaani orodha ileile ya bidhaa kwa viwango vilevile, ina kasoro ya kimaumbile, na kasoro hiyo inaelekea upande wa pili: huzidisha.

Tuchukue kaya moja na bei za mfano. Mwaka wa kizio, yaani mwaka wa kuanzia kulinganisha, kwa mwezi, kaya inanunua mchele kilo 10 kwa 2,000 kila kilo, sembe kilo 10 kwa 1,500 kila kilo, na mafuta ya kula lita 2 kwa 5,000 kila lita. Jumla ni shilingi 45,000. Mwaka unaofuata mchele unaruka hadi 3,000, sembe inafika 1,600, mafuta yanabaki palepale. Kapu lilelile sasa ni 56,000. Gawanya kwa 45,000, zidisha kwa 100, unapata fahirisi ya 124.4. Mfumuko ni asilimia 24.4. Ndivyo Mjerumani Laspeyres alivyopendekeza karne ya 19, na fahirisi nyingi za bei za mlaji bado zinafuata wazo hilo.

Sasa nenda jikoni. Nani anaendelea kula wali uleule mchele ukipanda kwa nusu huku sembe imeongezeka shilingi 100 tu? Kaya yetu inapunguza mchele hadi kilo 6 na kuongeza sembe hadi kilo 14. Matumizi yao yanakuwa 50,400. Lakini msikimbilie kusema gharama imepanda kwa asilimia 12, maana kaya hii imeacha sehemu ya wali wake, na hiyo nayo ni hasara. Njia ya haki ni kulipima kapu jipya kwa bei zote mbili: kwa bei za zamani lingegharimu 43,000, kwa bei mpya ni 50,400. Hapo ongezeko ni asilimia 17.2.

Kwa hiyo tuna 24.4 na 17.2. Kama ladha ya kaya haijabadilika, gharama halisi ya kubaki na hali ileile kwa kawaida hukaa katikati. Wastani wa kijiometri wa fahirisi hizo mbili, 124.4 na 117.2, ambao wanatakwimu huuita fahirisi ya Fisher, unatoa kama asilimia 20.8. Iangalie hivi: ukiwapa 56,000, wanaweza kununua kapu la zamani bila kukosa hata punje. Wakiamua kununua mchele pungufu na kutumia inayobaki kwa kitu wanachokipenda zaidi, basi umewapa kuliko walichohitaji.

Kapu likizeeka, pengo huelekea kukua. Fahirisi ya Tanzania yenye kizio cha 2020 ilijengwa kwa mizania, yaani uzito wa kila bidhaa kapuni, ya utafiti wa matumizi ya kaya wa 2017/18, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilikuwa inapima mazoea ya nyuma. Marekani, tume ya Boskin, jopo la wachumi lililochunguza fahirisi ya nchi hiyo, ilikadiria mwaka 1996 kwamba fahirisi yao ilizidisha kwa kama pointi 1.1 za asilimia kwa mwaka, na zaidi ya nusu yake haikutokana na watu kuhamia bidhaa nafuu, ila na bidhaa mpya na ubora ulioongezeka bila kuhesabiwa ipasavyo.

Kuna mahali hoja yangu inaishia. Kaya ambayo tayari inakula kilicho rahisi kuliko vyote haina pa kuhamia. Sembe ikipanda, imepanda. Na mizania ni ya wastani wa taifa, hivyo anayetumia sehemu kubwa ya kipato kwa chakula anaweza kabisa kuona mfumuko mkali kuliko uliotangazwa. Hilo ni suala la kapu la nani, si ushahidi kwamba fahirisi inapunguza kwa wote.

Mengine kwa haraka. "Mfumuko umeshuka, mbona bei hazishuki?" Kwa sababu kilichopungua ni kasi ya kupanda. Fahirisi ikitoka 124.4 hadi 128.0, bei zimepanda.

"Basi mfumuko ni 3.6." Hapana! Hizo ni pointi za fahirisi. Gawanya 3.6 kwa 124.4, utapata asilimia 2.9. Nimeona mkataba wa pango ulioandikwa kwa kutoa tu, na mpangaji akalipa tofauti hiyo kila mwaka.

"Wabadilishe kapu kila mwezi." Halafu matumizi yakipungua utajuaje kama bei zimeshuka au watu wamekula kidogo? Kuhuisha mizania mara kwa mara na kuunganisha fahirisi ya zamani na mpya ziwe mfululizo mmoja, sawa. Na mkitaka kufungamanisha mshahara na fahirisi, andikeni mkatabani jina lake, mwaka wa kizio, na mwezi gani unalinganishwa na upi.