Je, wajua kwa nini barua ya "mnibadilishie au mnirudishie" huishia karakana?

"Mota ya mashine yetu ya kusaga haina hata mwezi, na inazima kila baada ya dakika chache. Muuzaji anasema tuilete aitengeneze. Mbona barua za kudai mpya au pesa huishia hewani, na iandikwe vipi ili itekelezwe?"

Mara nyingi kosa liko kwenye neno moja dogo: "au". Mtu akiandika "naomba mnibadilishie au mnirudishie pesa", amempa muuzaji nafasi ya kuchagua bila kumpa tarehe ya kuchagua. Naye huchagua la tatu ambalo halikuandikwa, yaani kutengeneza, kwa sababu ndilo linalomgharimu kidogo. Mota inaingia karakana, wiki zinapita, inarudi, inazima tena. Wakati huo wote mnunuzi anapoteza kitu asichokijua.

Anachopoteza ni haki ya kuikataa bidhaa. Tanzania ina Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, na Kenya ina yake, Sura ya 31. Zote mbili zimefuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, kwa hiyo zinafanana sana. Mnunuzi akiuziwa kitu kisichofaa kwa kazi yake anaweza kukikataa na kudai pesa, lakini si milele. Akikaa nacho kupita muda unaokubalika bila kusema anakikataa, au akikitendea kama mali yake kamili, sheria humhesabu kuwa amekipokea. Hapo hubaki na haki ya kudai fidia tu, na fidia ni lazima uithibitishe shilingi kwa shilingi. Sheria haitaji idadi ya siku. Kwa mashine inayofanya kazi kila siku, hesabu wiki, usihesabu miezi. Simu uliyompigia muuzaji ni taarifa pia, ila siku ya ubishi nani ataithibitisha?

Kubadilishiwa kifaa ni jambo jingine. Hilo kwa kawaida hutoka kwenye garantii ya muuzaji. Kwa hiyo barua nzuri hudai mambo mawili kwa mpangilio: kwanza mota mpya kwa garantii, kabla ya tarehe fulani; tarehe hiyo ikipita, bidhaa imekataliwa na pesa irudi kabla ya tarehe nyingine. "Au" inaondoka, "la sivyo" inaingia.

Kabla ya kushika kalamu, lakini, jibu la muuzaji linajulikana: "Umeme wenu ndio mbovu." Na mara nyingine ni kweli. Fezi moja ikiwa dhaifu, mota nzima kabisa itachemka na ovalodi, swichi inayoilinda mota, itakata umeme. Ndiyo maana barua isemayo "mota yenu mbovu" haina nguvu, na yenye vipimo inayo.

Tuchukue mota ya fezi tatu ya 15 kW ambayo kibati chake kinaonyesha 29 A. Fundi mwenye leseni ya EWURA anatoa mikanda ili mota izunguke tupu, kisha anapima umeme wa kila waya kwa klampu mita. Tuseme anapata 11 A kwenye waya wa kituo U cha mota, 17 A kwenye wa V na 11 A kwenye wa W. Volti kati ya fezi na fezi ni 401, 399 na 402, karibu sawa. Hapo tayari mota inashukiwa, kwa kuwa waya mmoja unavuta zaidi ya wenzake ilhali volti zinalingana. Bado kuna kipimo kimoja kinachomaliza ubishi. Fundi anazima umeme, anahamisha nyaya zote tatu hatua moja kwenye boksi la mota: uliokuwa U unakwenda V, wa V unakwenda W, wa W unakwenda U. Zikihamishwa zote tatu, mota haigeuzi mwelekeo wa kuzunguka. Ni kubadilishana mbili tu ndiko kunakoigeuza. Anawasha na kupima tena. Ile 17 ikibaki kwenye waya uleule wa TANESCO, kosa ni la umeme, na barua usiiandike. Ikibaki kwenye kituo V cha mota, ingawa sasa kinalishwa na waya mwingine, kosa liko ndani ya mota.

Fundi aishie hapo. Kufungua mota au kumpa fundi wa mtaani asuke upya waya zake ni kuua dai kwa mkono wako mwenyewe. Garantii nyingi hufa hapohapo, na mbele ya sheria umeitendea mota kama mwenye mali aliyeridhika.

Kwenye karatasi, angalia unachonukuu. Profoma si ushahidi wa kununua. Ni bei tu uliyopewa. Zinazohesabika ni ankara, risiti ya EFD na hati ya kupokelea mzigo. Namba iliyopigwa kwenye kibati cha mota inakiliwe kabla barua haijaenda, na ilinganishwe na ile iliyo kwenye kadi ya garantii, kwani dukani kadi huchanganywa kuliko watu wanavyodhani. Kisha tazama kama ankara ina mstari wake wa mota. Kama iliandikwa "mashine ya kusaga, moja" kwa bei ya jumla, dai la pesa ya mota peke yake litazua ubishi wa bei, na itabidi uambatanishe ile profoma iliyotenganisha vipande. Hiyo ndiyo kazi yake pekee hapa.

Barua yenyewe, kwa mfano wa kikundi cha Kilosa kilichonunua Dar es Salaam, inaweza kuwa hivi. Anwani na tarehe, 20 Machi 2025, zikae juu kama kawaida.

*YAH: KUDAI MOTA MBADALA AU KUREJESHEWA SH 2,360,000: ANKARA NA. 0482 YA 3 MACHI 2025*

*Tarehe 3 Machi 2025 tulinunua kwenu mota ya umeme ya fezi tatu, 15 kW, yenye namba 7719-B, kwa Sh 2,000,000 na VAT Sh 360,000, jumla Sh 2,360,000. Tulilipa kupitia benki siku hiyohiyo. Mota ilifungwa tarehe 10 Machi.*

*Tangu tarehe 17 Machi mota inazima baada ya dakika 10 hadi 15 za kusaga. Tuliwajulisha kwa simu na kwa ujumbe wa WhatsApp siku hiyo. Tarehe 19 Machi fundi mwenye leseni aliipima bila mzigo. Kituo V kilivuta 17 A, vingine 11 A, na volti zilikuwa 399 hadi 402. Baada ya kuhamisha nyaya zote tatu, 17 A ilibaki kwenye kituo V. Kosa ni la mota. Haijafunguliwa, na tumeacha kuitumia.*

*Tunaomba mtume fundi wenu aikague hapa Kilosa hadi Ijumaa, 28 Machi, na mtuletee mota mpya ya aina hiyohiyo hadi Ijumaa, 11 Aprili 2025, kwa gharama yenu. Mota mpya isipofika kufikia tarehe hiyo, barua hii ni taarifa kwamba tunaikataa mota hii, na mturejeshee Sh 2,360,000 kwenye akaunti iliyotumika kulipa hadi Ijumaa, 25 Aprili. Mota itakuwa hapa muichukue.*

*Hatukubali matengenezo badala ya hayo bila makubaliano ya maandishi. Tusipofikia muafaka, tutaliwasilisha suala hili Tume ya Ushindani.*

*Viambatanisho: nakala za ankara, risiti ya EFD, hati ya kupokelea mzigo, kadi ya garantii, taarifa ya fundi, picha ya kibati.*

Utaona hakuna "tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu". Sentensi hiyo imezoeleka katika barua zetu lakini haibebi kitu, na karani anayepokea barua 30 kwa siku huanza kusoma baada yake. "Au" imeruhusiwa kwenye kichwa kwa sababu mwili wa barua umeshaipa tarehe. Namba ya ankara imekaa kichwani kwa sababu hiyohiyo ya karani: ndiyo anayoitafuta kwenye mfumo wake, si jina lako.

Tarehe zimeandikwa kwa majina ya siku, wala si "ndani ya siku 14". Siku 14 tangu lini, tangu barua iandikwe au tangu ipokelewe? Za kazi au zote? Tena kalenda ina mitego yake. Mwaka huo Idi el-Fitri iliangukia mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili, Siku ya Karume tarehe 7, na Ijumaa Kuu tarehe 18. Ukimwekea muuzaji mwisho siku ya sikukuu, umempa kisingizio bure.

Kiasi kimeandikwa pamoja na VAT kwa kuwa ndicho kilichotoka mfukoni. Muuzaji akirudisha pesa, hafuti risiti ya EFD. Hutoa kredit noti, yaani hati ya kupunguza au kufuta kiasi cha ankara, na kurekebisha kodi yake ni kazi yake. Akikwambia "VAT tumeshapeleka serikalini, hairudi", mwulize kredit noti iko wapi. Hasara ya kusimama kwa mashine haimo kwenye barua hii. Inadaiwa kwa barua ya pili, kwa daftari la mauzo ya kila siku, maana ukiichanganya na bei ya mota, muuzaji atabishia ile isiyo na hesabu na kuacha yote mawili.

Muuzaji aweza kukuonyesha maneno ya nyuma ya risiti: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Masharti uliyoonyeshwa baada ya pesa kutoka ni vigumu kuyaita sehemu ya makubaliano. Kama yalibandikwa ukutani juu ya kaunta kabla hujalipa, hoja yako inapungua. Inapungua pia kama ulikagua bidhaa na kasoro ilikuwa ya kuonekana kwa macho, kwa mfano nyumba ya mota iliyopasuka. Waya wa ndani ulioungua hauonekani dukani.

Barua ipelekwe kwa mkono, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokea wenye tarehe, au isainiwe kwenye dispachi. Kutoka Kilosa, EMS ya Posta inakupa risiti. Halafu tuma picha ya barua yote kwenye uzi uleule wa WhatsApp uliotumia siku ya kwanza, ili taarifa ya tarehe 17 na dai vikae pamoja.

Kwa aliye Kenya, mwisho wa barua hubadilika: Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 za Kenya, na mota ya aina hii huingia humo kwa urahisi.

Jibu likija kwamba muilete mota dukani, ipelekeni, lakini karatasi ya kuikabidhi iandikwe "imepokelewa kwa uchunguzi, si kwa matengenezo", pamoja na namba ya mota, tarehe na saini ya aliyeipokea. Asiposaini, rudini nayo.