Blichi kwenye bakuli la chuma: dhana potofu na ukweli

Kila mtu ameshaambiwa asichanganye blichi ya nywele kwenye bakuli la chuma, ila ukiuliza kwa nini, mmoja anakwambia italipuka na mwingine anakwambia hayo ni maneno tu, mbona yeye anatumia siku zote. Jamani, wote wawili wamekosea.

Dhana: Ikigusa chuma tu inalipuka

Hapana, hailipuki hivyo. Developa, ile dawa ya maji unayochanganya na unga wa blichi, ni peroksaidi, na peroksaidi huwa inavunjika kuwa maji na oksijeni. Ndani ya chupa yake imetulizwa kwa asidi kidogo ndo maana inakaa muda mrefu, sasa ukiichanganya na unga wa blichi au rangi yenye amonia ule utulivu unaondoka, inaanza kazi, na hicho ndicho tunachotaka kitokee kwenye nywele. Shida ni kwamba chuma chenye kutu, na shaba pia, vinaharakisha sana huko kuvunjika, na vyenyewe haviishi, kwa hiyo hata doa dogo linaendelea kuila developa muda wote mchanganyiko uko pale.

Chukua bakuli la enameli lililobanduka kidogo chini, pale palipobanduka pana kutu. Unatia gramu 30 za unga na mililita 60 za developa ya 6% (ile voliumu 20), unaanza kupaka. Baada ya dakika chache unaona mapovu yanatoka sehemu moja, bakuli linaanza kuwa la uvuguvugu mkononi. Nywele za mwanzo zinang'aa vizuri, za mwisho zinabaki rangi ya chungwa kwa sababu developa imeshapungua nguvu kabla haijafika kichwani. Wengi hapo wanalaumu unga, wanakimbilia voliumu 40 na kurudia juu ya nywele zilezile, na hapo ndo zinakatika, inaniuma sana nikiona hivyo.

Blichi kuumuka kidogo taratibu ukiiacha ni kawaida, usiogope. Ikitoa povu haraka dakika za mwanzo na bakuli likapata joto, hiyo usiipake hata kama umeinunua kwa hela nyingi. Na kinachopasuka kweli ni chupa iliyofungwa ukiwa umehifadhi mchanganyiko ndani yake, kwa sababu oksijeni inajaa na haina pa kutokea, hiyo ni hatari hata kama chupa ni ya plastiki.

Dhana: Vyuma vyote ni sawa

Si sawa. Stenlesi halisi, safi, isiyo na mikwaruzo, kwa dakika chache mara nyingi huoni kitu kwa sababu ina utando unaoikinga, na hao wanaosema "mbona mimi natumia" wengi wametumia hiyo. Ila kwa macho tu ni ngumu kujua kama ni stenlesi au ni chuma kilichopakwa tu juu kikang'aa. Aluminiamu yenyewe ni habari nyingine, blichi ni alkali na alkali inaila aluminiamu, inatoa gesi ya haidrojeni na joto, kwa hiyo sufuria usiiguse kabisa kwa kazi hii.

Dhana: Basi foili nayo haifai, si ni aluminiamu

Swali zuri. Foili ya kufungia nywele inakaa na blichi mara moja tu, dakika 30 hadi 45, hakuna anayeikwaruza kwa kijiko, kisha inatupwa. Utando wake wa juu unatosha kwa muda huo. Ukiona foili moja inakuwa ya moto sana, usiishie kuilaumu foili, huenda shaba iko kwenye nywele zenyewe, kutoka maji ya bomba la shaba au rangi ya zamani yenye chumvi za madini. Fungua haraka, suuza kwa maji mengi ya baridi. Kujua mapema ni rahisi tu, kata nywele chache, zichovye kwenye kikombe cha plastiki chenye mchanganyiko uleule, subiri dakika 30, kikipata joto kisicho cha kawaida, kikichemka au kutoa harufu mbaya, usiendelee.

Dhana: Bakuli likiwa plastiki umemaliza

Kijiko cha chuma je? Brashi yenye pete ya chuma iliyoanza kutu, pini zilizoachwa nywele zikiwa na blichi? Changanyia kwenye plastiki, kioo, silikoni au kauri isiyo na nyufa, korogea brashi au kijiko cha plastiki, kitana kiwe cha plastiki mpaka mkia, klipu pia. Tenga bakuli hilo kwa kazi hii tu, lisirudi jikoni. Kinachobaki kisirudishwe kwenye chupa ya developa hata tone, kwa sababu tone hilo linatosha kuharibu ule utulivu wa chupa nzima, kimwage na maji mengi.