Je, wajua kwa nini fomu ya kujisajili inaweza kukumalizia fedha usiku mmoja?

Huenda ukauliza: "Programu yetu haitunzi fedha ya mtu yeyote. Mwizi ananufaika vipi akiomba maelfu ya misimbo ya meseji ambayo hata haitumii?"

Faida yake imo katika nauli ya meseji. Mteja anapoandika namba ya simu kwenye fomu na kubonyeza "Tuma msimbo", anayelipia meseji hiyo ni mwenye programu, na malipo yake hugawanywa njiani. Wakala aliyemuuzia huduma ya meseji huchukua sehemu yake, mara nyingi huipitisha kwa wakala mwingine, na mwishoni kampuni ya simu yenye namba ile hutoza ada ya kuifikisha. Ada hiyo hutofautiana sana kati ya nchi na nchi. Mwizi hutafuta mshirika katika mnyororo huo, aghalabu upande wa mwisho, ambaye ana fungu la namba za ada kubwa na yuko tayari kugawana naye mapato ya kila meseji inayoingia. Kinachobaki ni kumpata wa kulipa, na fomu ya kujisajili haina budi kuwa wazi kwa mtu asiyejulikana. Si lazima hata pawe na simu mkononi mwa mtu yeyote, kwa sababu taarifa kwamba meseji imefika inaweza kutolewa na mshirika huyohuyo.

Tuchukue mfano wa duka la mtandaoni la Dar es Salaam, kwa bei za kukisia. Meseji ya ndani ya nchi inaligharimu shilingi 20, na ya kwenda katika fungu la namba ghali nje ya nchi shilingi 500. Mwizi anaangalia ombi ambalo fomu hulituma kwenye seva, kisha anaandika programu ndogo ya kulirudia, kila mara kwa namba mpya. Anatuma maombi mawili tu kwa sekunde, kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni meseji 43,200, na deni la shilingi 21,600,000. Seva haikuelemewa hata kidogo, kwa hiyo kengele zinazolia mzigo unapozidi zilikaa kimya usiku kucha, na mhasibu ndiye atakayekuwa wa kwanza kushtuka.

Kampuni kubwa nazo hazikusalimika. Desemba 2022 Elon Musk alisema kwamba Twitter ilikuwa ikipoteza takriban dola milioni 60 kwa mwaka kwa meseji za uongo za aina hii. Februari 2023 kampuni hiyo ikatangaza kwamba, kuanzia Machi 20, misimbo ya meseji ya kulinda akaunti itabaki kwa wanaolipia tu, na wengine watumie programu za kuzalisha misimbo kwenye simu zao. Kwa maoni yangu, huko kulikuwa kumtwisha mtumiaji mzigo ambao sehemu kubwa yake ingeweza kuzuiwa kwenye seva.

Kinga ambayo wengi huanza nayo ni kuweka ukomo kwa kila namba ya simu, kwa mfano misimbo mitatu kwa saa. Inafaa kumzuia mtu asimsumbue mwenzake kwa meseji mfululizo, lakini kwa wizi huu haisaidii, kwa kuwa kila namba inatumika mara moja. Kinga ya pili ni kuhesabu maombi kwa anwani ya IP. Hapa kuna matatizo mawili. Mwizi hukodi maelfu ya anwani za majumbani, na kila ombi linaonekana limetoka kwa mtu tofauti. Upande wa pili, wateja wetu wengi hutumia bando za simu, na kampuni ya simu huweza kuwapitisha watu wengi kwa anwani moja. Ukomo mkali wa IP unaweza basi kumwacha mwizi apite na kuwafungia nje wanunuzi halali wasiofahamiana kabisa.

Jambo ambalo mwizi hawezi kulificha kirahisi ni mahali meseji zinapokwenda, kwa sababu lazima ziende kwenye namba zinazomlipa. Hapo ndipo ukomo unapostahili kuwekwa, na uanze na nchi. Duka letu lina wateja Tanzania, Kenya na wachache Omani. Nchi nyingine zote zifungwe. Kama rekodi zinaonyesha kwamba Omani haijawahi kuzidi misimbo 30 kwa siku, iruhusiwe 60. Hata ikivamiwa kwa bei ileile ya shilingi 500, hasara ya siku haitazidi shilingi 30,000.

Ngazi ya pili ni fungu la namba. Ondoa tarakimu tatu za mwisho, na zilizobaki zitawakilisha namba elfu moja zinazofuatana, kisha hesabu maombi ya kila fungu kwa saa. Kwenye hifadhidata ya Redis 7 kazi hiyo ni amri mbili (999 si msimbo wa nchi yoyote, ni mfano tu):

```
INCR otp:fungu:999123456
EXPIRE otp:fungu:999123456 3600 NX
```

Amri ya kwanza huongeza hesabu na kurudisha jumla. Ya pili huifuta hesabu baada ya saa moja, na `NX` huzuia muda huo usianze upya kila ombi linapoingia. Jumla ikizidi 5, meseji haitumwi, na seva inajibu `429`, yaani maombi yamezidi. Mwizi mwenye mafungu hamsini ya namba atapata meseji 1,500 kwa saa sita, badala ya 43,200. Kwa namba za nyumbani, ambako wateja ni wengi na meseji ni za bei nafuu, ukomo huo ulegezwe. Hesabu ifanyike baada ya namba kusawazishwa kwa zana kama `libphonenumber`, la sivyo namba moja iliyoandikwa kwa `+`, kwa `00` au kwa nafasi katikati itahesabiwa kama namba tatu.

Ukomo huu unahitaji jicho la kuutazama, na kipimo bora ninachokijua ni uwiano wa misimbo inayorudi. Kwa kila nchi, linganisha misimbo uliyotuma na ile iliyoandikwa kwenye fomu kwa usahihi. Kama kwa kawaida saba kati ya kumi hurudi, kisha saa nane usiku zinatumwa mia tano na kurudi mbili, funga nchi hiyo papo hapo bila kusubiri ankara. Wapo wezi wanaojaza baadhi ya misimbo ili kuupotosha uwiano huu, na kwa hao ukomo wa fungu unabaki kuwa tegemeo.

Mteja halali wa Maskati atakayekuta ukomo umejaa asiachwe akitazama kosa lisiloeleweka; aelezwe kwamba msimbo utatumwa kwa barua pepe. Vilevile hesabu iwe moja kwa milango yote inayotuma misimbo: kujisajili, "nimesahau nywila", na kitufe cha kusomewa msimbo kwa simu ya sauti. Kitufe hicho husahaulika mara nyingi, na simu ya kimataifa yaweza kuwa ghali kuliko meseji.