"Muuguzi alisahau LUKU": dhana potofu katika kuandika Kwa Nini Tano

Kazi yangu ni kupitia taarifa za matukio kutoka zahanati na vituo vya afya vya huku kwetu Dodoma kabla hazijapanda juu. Sehemu ya Kwa Nini Tano, ile ya kuuliza "kwa nini" juu ya kila jibu hadi ufike kwenye chanzo cha tukio, huwa naisoma nikianzia chini, jibu la tano kwanza, na mara nyingi naishia hapohapo. Limeandikwa "uzembe wa mtumishi", au "muuguzi alisahau", au kwa lugha ya ofisini zaidi, "kutozingatia taratibu". Halafu mapendekezo: mtumishi ameonywa na kukumbushwa wajibu wake. Nimechoka kuyarudisha mafaili haya na maelezo yaleyale ya kalamu nyekundu, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja.

Dhana: Ukishampata aliyekosea, umefika kwenye chanzo

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, na ndiyo nitakayokaa nayo.

Chukua tukio la Oktoba, kipindi ambacho jua la Dodoma halina mchezo. Kituo kimoja cha afya kilifungua kliniki ya mama na mtoto Jumatatu saa 1:30 asubuhi kikakuta friji ya chanjo haina umeme na kipimajoto kinasoma nyuzi 13. Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kile kipimajoto kinachohifadhi kumbukumbu za siku 30 kilionyesha joto lilivuka 8 tangu Jumapili saa 2 asubuhi, na alama ya hatari ilikuwa imeshatokea kwenye skrini. Mratibu wa chanjo wa wilaya aliitwa, akakagua alama ya joto ya kila kichupa na kuamua zipi zitupwe. Kisha kituo kikaandika taarifa, na mlolongo wake ulikuwa hivi: joto lilipanda kwa sababu umeme ulikatika, umeme ulikatika kwa sababu LUKU iliisha, LUKU iliisha kwa sababu haikununuliwa, haikununuliwa kwa sababu muuguzi wa chanjo alisahau, alisahau kwa sababu hayuko makini.

Jibu la tano hapo halijachunguzwa na mtu yeyote. "Hayuko makini" ni tabia aliyobandikwa baada ya tukio, na haina ushahidi zaidi ya tukio lenyewe. Kipimo changu ni rahisi: mtoe muuguzi huyu, mlete mwingine mwangalifu kuliko wote mkoani, mkabidhi friji ileile, mita ileile na utaratibu uleule. Je, LUKU haitaisha? Kama unaona itaisha tu, basi jina la mtu si chanzo. Ni kituo cha njiani, na swali linalofuata ni hili: kwa nini friji yenye chanjo za kata nzima ilitegemea kumbukumbu ya mtu mmoja?

Tulirudi kituoni tukauliza upya, safari hii na daftari la manunuzi mkononi. Kituo kilikuwa kikinunua LUKU mara moja kwa mwezi, kiasi kilekile kila mwezi, na kwa muda mrefu kilitosha. Kwa nini Oktoba hakikutosha? Kwa sababu mwezi uliotangulia mashine ya kutakasia vifaa kwa mvuke ilihamishiwa jengo la kliniki, kwenye mita ileile inayolisha friji. Mashine hiyo inakula umeme. Kwa nini hakuna aliyepiga hesabu upya ilipohamishwa? Kwa sababu uhamisho ulikuwa wa fundi na mtunza stoo, na hakuna mahali popote katika utaratibu wa kituo panapodai kwamba kifaa kipya kikiongezwa kwenye mita ya friji, mtu wa chanjo aambiwe na kiasi cha LUKU kipangwe upya.

Na muuguzi? Ijumaa ambayo uniti ziliisha hakuwepo kabisa. Alikuwa semina, aliyoitwa na halmashauri yenyewe, na ratiba haikuwa na jina la wa kumshikia nafasi. Taarifa ya kwanza haikuwa na hata neno moja kuhusu hilo, kwa sababu walipofika kwenye "alisahau" waliacha kuuliza.

Kuna tawi la pili ambalo wengi hawaliandiki, nalo ndilo lenye mafunzo mengi kuliko la kwanza. Kwa mujibu wa mita, uniti ziliisha Ijumaa saa 3 usiku. Friji zile zina kuta za barafu, zisipofunguliwa zinashikilia ubaridi muda mrefu, na hii ilishikilia hadi Jumapili asubuhi, saa 35 hivi. Kwa hiyo usiulize tu kwa nini umeme uliisha. Uliza pia kwa nini saa zote hizo hazikutumika kuokoa chanjo. Mlinzi wa usiku aliona Ijumaa hiyohiyo taa ya nje ya kliniki imezimika. Akadhani ni umeme umekatika, kama unavyokatika. Hakuwahi kuambiwa kwamba taa ile ikizimika ilhali jengo la jirani linawaka, maana yake ni mita ya friji, na hakuwa na namba ya simu ya mtu wa kumpigia. Mlinzi alikaa hatua chache kutoka kwenye friji hadi Jumatatu, akilinda mlango.

Sasa tazama sehemu ileile ilivyoandikwa mara ya pili:

Tatizo: Friji ya chanjo ilikuwa juu ya nyuzi 8 kuanzia Jumapili saa 2 asubuhi hadi Jumatatu saa 1:30 asubuhi.
Kwa nini? Haikuwa na umeme tangu Ijumaa saa 3 usiku (kumbukumbu ya mita).
Kwa nini? Uniti za LUKU ziliisha kabla ya tarehe ya kununua (daftari la manunuzi).
Kwa nini? Matumizi yalipanda baada ya mashine ya kutakasia vifaa kuunganishwa kwenye mita hiyo, na kiasi cha kununua hakikubadilishwa.
Kwa nini? Kituo hakina hatua ya kukagua mahitaji ya umeme wa friji kifaa kinapoongezwa, wala kiwango cha chini cha uniti kinachomlazimu aliye zamu kununua.
Tawi la pili. Kwa nini haikugundulika kwa saa 35 za mwanzo? Mwishoni mwa wiki kliniki hufungwa, na mlinzi, ambaye ndiye pekee anayekuwepo, hajapewa ishara ya kuangalia wala namba ya kupiga.

Hakuna jina la mtu wala tabia ya mtu. Kila jibu lina kitu unachoweza kwenda kukiona kwa macho, na ukisoma kutoka chini kwenda juu kwa kuunganisha na "kwa hiyo", hakuna pengo. Hapo mapendekezo yanajiandika yenyewe: kiwango cha chini cha uniti 50 kibandikwe kwenye mita, mashine ihamishiwe mita nyingine, mlinzi apewe namba mbili za simu. Linganisha na "ameonywa", ambalo halijagusa hata waya mmoja.

Wanaoniambia kwamba huku ni kulea uzembe huwa nawakumbusha mbinu hii ilikotoka. Mfano maarufu wa Taiichi Ohno, mhandisi wa Toyota, ni wa mashine iliyosimama. Fyuzi iliungua kwa kuzidiwa mzigo. Ilizidiwa kwa sababu beringi haikupata mafuta ya kutosha. Haikupata kwa sababu pampu haikuvuta vizuri. Haikuvuta kwa sababu shafti yake ililika. Ililika kwa sababu hakukuwa na chujio, vumbi la chuma likaingia. Pale kwenye mafuta ya beringi palikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kuandika "fundi hakuweka mafuta" na kwenda nyumbani. Wangefunga fyuzi mpya, wakamkaripia fundi, na mashine ingesimama tena.

Dhana: "Ukosefu wa mafunzo" ni udhaifu wa mfumo

Mara chache sana. Kwa kawaida ni lawama ileile iliyovalishwa suti: mtu hakujua, kwa hiyo afundishwe. Muuguzi wetu alijua LUKU inanunuliwaje, kama kila mtu Tanzania anavyojua kubonyeza tarakimu 20 kwenye mita. Ukitaka kuandika mafunzo, onyesha kwanza ni jambo gani hasa mhusika hakulijua, na nani alipaswa kumfundisha na lini. Ukishindwa, lifute. Halafu usifanye kinyume chake ukakimbilia "bajeti finyu ya serikali". Huo nao ni udhaifu wa mfumo, lakini si mfumo unaoweza kuurekebisha wewe na kamati yako. Ishia kwenye kitu kilicho ndani ya uzio wenu.

Dhana: Nikiandika cheo badala ya jina, sijalaumu mtu

Kituo kina muuguzi mmoja wa chanjo. Ukiandika "muuguzi wa chanjo hakufuatilia", hata mpika chai anajua ni nani. Badilisha kiima cha sentensi: utaratibu hautaji, ratiba haina, mita haitoi ishara.

Dhana: Basi hakuna atakayewajibishwa

Hapa pana ugumu wa kweli, siupuuzi. Fomu ya joto ya friji ile ilijazwa Jumamosi na Jumapili, asubuhi na jioni: 4, 5, 4, 5. Jumapili jioni kipimajoto chenyewe kilikuwa kimeshavuka 8. Kwa vyovyote vile zilijazwa Jumatatu. Kuandika takwimu za uongo ni suala la nidhamu, nalo lina njia yake kwa mwajiri. Lipelekwe huko, kwa barua yake, nje ya taarifa hii. Mkivichanganya, tukio lijalo mtaletewa fomu safi na watu wasioona wala kusikia.

Lakini uchambuzi bado una la kuuliza. Fomu inadai vipimo mara mbili kwa siku, wikendi ikiwemo. Ratiba haimpangi mtu yeyote kliniki wikendi. Na wasimamizi wanapokuja, sisi tukiwemo, tunahesabu visanduku vilivyojaa, hatulinganishi na kumbukumbu ya kipimajoto. Fomu isiyojazika inayokaguliwa kwa kujaa, itajazwa tu, na ukifungua fomu za miezi ya nyuma utakuta wikendi zote ni 4 na 5. Hilo liliandikwa kama tawi la tatu, na ukaguzi sasa unaanza na kipimajoto, fomu baadaye.

Dhana: Lazima ziwe tano

Hesabu maswali ya tukio hili: tawi la kwanza lina manne, la pili lina moja. Kuna mtu aliongeza la tano, "kwa nini kituo hakina hatua hiyo?", akajibu "uongozi haukuwa makini", na tukawa tumerudi kulekule. Nililikata.