Presha Imeshuka, na Dawa Bado Inamezwa: Maswali na Majibu

Swali: Presha ya kushuka ni ipi hasa? Mimi kila nikipima naona 100 kwa 65 na sina shida yoyote.

Kama hutumii dawa ya presha, na hizo ndizo namba zako za siku zote, basi wewe ni mzima. Tunasema presha imeshuka pale namba ya juu inapokuwa chini ya 90 au ya chini inapokuwa chini ya 60, lakini kipimo hicho hakitoshi peke yake, kwa sababu mzee aliyeishi miaka mingi na 170 anaweza kuyumba akishushwa haraka hadi 110. Zipo sababu nyingine za nadra ambazo sitazigusa hapa. Wagonjwa wanaofikishwa kliniki wakiwa wameshikwa makwapa huku na huku, kwa sehemu kubwa, ni watu wenye presha ya kupanda ambao dawa zao zimewazidi, au wamepoteza maji mwilini, au yote mawili kwa siku moja.

Swali: Nikisikia kizunguzungu huwa najua presha imepanda. Naweza kuongeza kidonge kimoja ili itulie?

Hapana. Usiongeze kidonge kwa kusikiliza kizunguzungu. Presha iliyopanda mara nyingi haina dalili yoyote, na ndiyo maana watu huishi nayo miaka bila kujua. Kizunguzungu kinachomjia mtumiaji wa dawa anapoinuka kitandani au anapotoka kwenye swala, kikaja na giza machoni, kisha kikapungua akikaa, kina uwezekano mkubwa wa kuwa ni presha iliyoshuka. Ukimeza kidonge kingine hapo, unamsukuma mtu ambaye tayari anaanguka.

Pima kwanza. Kama nyumbani hakuna mashine, lala chini, kunywa maji, kisha upelekwe mahali penye mashine, hata kama ni duka la dawa la jirani. Kukosa mashine hakugeuki kuwa ruhusa ya kumeza. Na kidonge cha jana ulichokisahau hakilipwi leo kwa kumeza viwili.

Swali: Shikamoo daktari. Mama yetu ana miaka 68. Aliharisha siku mbili, nasi tukaendelea kumpa dawa zake kwa sababu tuliambiwa dawa za presha hazikatishwi. Usiku akalalamika kichwa kinazunguka, tukamwongezea kidonge cha amlodipini. Asubuhi akaanguka akienda msalani, na hospitali walikuta 84 kwa 50. Tulikosea wapi?

Marahaba, na pole kwa kuuguza. Maneno "dawa za presha hazikatishwi" ni ya kweli kwa mtu anayekula na kunywa kama kawaida. Siku ya kuharisha na kutapika ni siku nyingine kabisa, na dawa ile ile iliyomlinda wiki iliyopita inaweza kumwangusha.

Tazama dawa alizokuwa nazo, kama zilivyoandikwa katika karatasi mliyonitumia: amlodipini miligramu 10, kidonge chenye losartani 50 pamoja na haidroklorothiazaidi 12.5, na diklofenaki za magoti ambazo alikuwa akinunua mwenyewe. Haidroklorothiazaidi kazi yake ni kukojosha maji na chumvi, kwa hiyo wakati tumbo linamwaga maji upande mmoja, kidonge kilikuwa kinayamwaga upande wa pili. Losartani huzuia mfumo ambao mwili huutumia kukaza mishipa na kubakiza chumvi pale maji yanapopungua, yaani iliondoa breki wakati breki ndiyo ilikuwa inahitajika. Diklofenaki nayo hubana mishipa midogo inayopeleka damu kwenye figo. Dawa hizi tatu zikikutana ndani ya mtu aliyekauka, figo hukosa damu ya kuchuja na zinaweza kuumia, na bila shaka ndiyo sababu hospitali walimpima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kabla ya jambo jingine lolote kuhusu dawa.

Kisha ikaja amlodipini ya pili usiku. Dawa hii hutoka mwilini taratibu mno. Nusu yake huweza kubaki baada ya saa 30 hadi 50, kwa hiyo hata baada ya kuisimamisha, presha ya mama inaweza kuchukua siku kadhaa kurudi mahali pake. Msishangae akiwa bado na 100 siku ya pili ya kupewa dripu, na msikubali kabisa mtu wa familia aseme "sasa tumrudishie zote" kwa sababu tu amekunywa uji.

Swali: Basi mtu mwenye presha akianza kuharisha, asimamishe dawa zipi?

Ninazungumzia kuharisha mara nyingi, kutapika, au homa kali inayomfanya mtu asiweze kunywa. Choo laini cha mara moja hakihusiki. Siku hiyo hiyo piga simu au nenda kituoni na uulize, na kama huwezi kumpata mtu wa kukuongoza, zisimame kwa muda dawa za kukojosha kama haidroklorothiazaidi na furosemaidi, pamoja na kundi la losartani, enalaprili na kaptoprili. Metformini ya kisukari nayo husimamishwa kwa muda, na diklofenaki au ibuprofeni zisiguswe kabisa. Amlodipini hutegemea kipimo: namba ya juu ikiwa chini ya 110, au ukiwa na kizunguzungu, iache siku hiyo mpaka uzungumze na mhudumu.

Kuna mpaka hapa. Atenololi, propranololi na klonidini hazikatwi ghafla, kwa kuwa moyo huweza kwenda mbio au presha ikaruka juu; kwa hizo lazima upate maelekezo. Mwenye moyo uliochoka anayevimba miguu naye asisimamishe dawa ya kukojosha bila kuongea na kliniki yake siku hiyo hiyo.

Dawa zilizosimama hurudishwa mtu akishakula na kunywa kama kawaida kwa saa 24 hadi 48. Nasisitiza zinarudishwa, kwa sababu wapo wanaoonja raha ya kutomeza, wakapotea miezi sita, kisha wakarudi wakiwa wamepooza upande mmoja.

Swali: Lakini ORS ina chumvi, na mimi nimekatazwa chumvi. Si itanipandishia presha?

Ukiwa unaharisha, kunywa ORS. Chumvi uliyokatazwa ni ile ya kila siku mezani, na hii ya kwenye pakiti inarudisha iliyotoka na choo. Nimeona wagonjwa wanaokubali kukauka mpaka ulimi unakwaruza kuliko kunywa kikombe cha ORS, huku samaki wa chumvi wakijiruhusu mwaka mzima.

Soma pakiti kabla ya kuchanganya. Nyingi ni za lita 1 ya maji safi, na pakiti ya lita 1 ukiitia kwenye glasi moja umetengeneza kitu kikali kinachoweza kukudhuru. Kunywa kidogo kidogo, glasi moja kila baada ya choo, na ukitapika pumzika dakika 10 kisha uendelee kwa vijiko. Kulamba chumvi kavu, ambako bado kunashauriwa vibarazani, hakurudishi maji. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aulize kiasi chake kabla ya kunywa lita nzima.

Swali: Wiki hii nimepima 108 kwa 62 mara tatu, na nikiinuka macho yanaingia giza. Nimeze nusu ya dawa?

Usikate mwenyewe, lakini pia usingoje tarehe ya kliniki iliyo mwezi ujao. Namba ya juu ikikaa chini ya 110 mara kwa mara na una dalili, dozi inahitaji kuangaliwa upya ndani ya wiki hii. Ikiwa chini ya 100, nenda hata kama hujisikii vibaya.

Kabla ya kwenda, fanya kipimo kimoja ambacho kitamsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Lala dakika 5, pima. Simama, mtu akiwa karibu yako, pima tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yako inaanguka unaposimama, na hilo halionekani kamwe kwa mgonjwa anayepimwa akiwa amekaa tu. Andika namba zote pamoja na saa uliyomeza dawa.

Daktari kwa kawaida hugusa dawa moja kwa wakati mmoja: ataondoa au kupunguza ile ya kukojosha, au ataishusha amlodipini kutoka 10 hadi 5, kisha atakupima tena baada ya wiki 2 hadi 4. Kukata kidonge kwa kisu nyumbani kuna hatari yake, kwani vile vinavyotoa dawa polepole, kama nifedipini ya miligramu 20 ya muda mrefu, vikivunjwa humwaga dawa kwa mkupuo. Wanaume wanaotumia dawa ya tezi dume waitaje pia, kwa kuwa baadhi yake hushusha presha, na wengi huanguka usiku wakienda kukojoa.

Lipo pia jambo linalotuudhi sana kliniki. Mgonjwa hamezi dawa wiki tatu, anakuja na 180, anaulizwa kama anameza, anajibu "nameza kila siku". Daktari anaongeza dawa ya pili, mwezi unaofuata ya tatu. Siku moja mtoto wake anahamia nyumbani, anaanza kumsimamia mzee ameze zote, na ndani ya wiki mzee yuko sakafuni. Dozi ile iliandikwa kwa ajili ya uongo. Ukisema "sijameza tangu tarehe 10", utanuniwa kidogo, lakini hutaongezewa dawa usiyoihitaji.

Swali: Ni wakati gani tusisubiri kabisa?

Mkimbize hospitali mtu aliyezimia, anayeongea maneno yasiyoeleweka, mwenye maumivu ya kifua, jasho baridi, choo cheusi kama lami, au ambaye hajakojoa tangu asubuhi hadi jioni. Namba ya juu chini ya 90 ikiambatana na dalili yoyote ni safari ya sasa hivi, si ya kesho baada ya kuona kama atapata nafuu. Usidanganywe na mapigo ya moyo yaliyotulia kwa anayetumia atenololi, maana dawa hiyo huyazuia kukimbia hata mtu akiwa amekauka.

Wakati usafiri unatafutwa, mlaze chali na umwinue miguu. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe ORS au maji. Akiwa hajitambui, mgeuze ubavu na usimtie kitu chochote mdomoni. Asisimamishwe ili "achangamke". Beba karatasi na maganda ya dawa zote anazomeza, zikiwemo zile za maumivu na za mitishamba, na mwambie mhudumu saa ambayo kidonge cha mwisho kilimezwa.