Mita 120 za tagi ya funguo zinapimwa wapi?

"Tagi niliyofunga kwenye funguo imeandikwa mita 120 kwenye boksi. Mbona nikiwa jikoni simu haizioni funguo zilizo chumbani, na hata mita 20 hazifiki?"

Mita hizo ni za uwanja mtupu, pale ambapo hakuna kitu chochote kati ya tagi na simu, na jikoni kwako si uwanja mtupu. Mimi mwenyewe nilinunua ya kwangu Kariakoo nikiamini kwamba mita 120 ni kama urefu wa kamba: ndani yake funguo zinaonekana, nje yake hazionekani. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, kwani nilidhani tagi inajua mahali ilipo. Haijui. Tagi ya kawaida ya Bluetooth haina GPS wala laini ya simu. Ina redio ndogo, kispika cha kulia na betri bapa ya CR2032, ambayo hudumu kwa takriban mwaka mmoja kwa sababu tu kazi inayofanywa ni ndogo mno.

Kazi yenyewe inafanana na ya konda wa daladala pale stendi. Konda huita "Mbagala, Mbagala!" bila kujua ni nani anayemsikia, na tagi nayo hutangaza utambulisho wake kila baada ya muda mfupi, usiku na mchana. Alfajiri, stendi ikiwa kimya, sauti ya konda hufika mbali. Saa kumi na moja jioni, katikati ya honi na injini, abiria aliye upande wa pili wa basi hasikii neno. Konda hajapunguza sauti. Kilichobadilika ni kilichopo kati yake na sikio.

Tuitazame nyumba yangu ya Sinza. Katika eneo la wazi, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya mawimbi inayofika hushuka hadi robo. Kwa hiyo ukuta unaopitisha robo tu ya nguvu umefanya jambo lile lile ambalo lingefanywa na umbali maradufu, yaani umekata masafa kwa nusu. Kutoka chumbani hadi jikoni kwangu kuna kuta tatu za tofali za saruji. Ukuta wa kwanza unazigeuza mita 120 kuwa 60, wa pili 30, wa tatu 15. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa ukuta wenye nondo au uliolowa maji huzuia zaidi, na mlango wa mbao huzuia kidogo. Hata hivyo inaeleza kwa nini simu yangu ilikuwa ikipoteza funguo pale pale kwenye jokofu. Mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa ni maji, nao ni ukuta: ukiishika simu kifuani huku tagi iko nyuma yako, umejiweka katikati wewe mwenyewe. Geuka polepole kabla ya kukata tamaa.

Je, funguo zikibaki kwenye daladala iendayo Mbezi? Hapo mita za boksi hazihusu tena simu yako. Zinahusu simu ya abiria yeyote aliye karibu, ambayo husikia tagi na kupeleka kwenye mtandao mahali ilipo simu hiyo, kwa siri, bila mwenyewe kuhisi lolote. Ramani itakuonyesha Ubungo, dakika 40 zilizopita, na maana yake ni kwamba huko ndiko ziliposikika mara ya mwisho, daladala haikukusubiri.

Ndiyo maana chaguo la tagi ni muhimu kuliko mita zake. Tagi ya Apple husajiliwa kwa iPhone na husikilizwa na vifaa vya Apple, ilhali abiria wengi wa daladala zetu wana Android. Kwa tagi ya mtandao wa Google, washa Bluetooth na Location, vuta karatasi ya plastiki kwenye betri, isogeze tagi karibu na simu na ufuate maelekezo yanayojitokeza. Kisha fungua Find Hub uijaribu kwa "Play sound". Baada ya hapo tafuta mpangilio wa "Find your offline devices". Chaguo la awali ni "With network in high-traffic areas only", ambalo husubiri simu kadhaa ziisikie tagi ile ile kabla ya kuonyesha mahali. Kariakoo halina shida. Kwenye kichochoro cha Goba, ambako hupita mtu mmoja mmoja, tagi inaweza kuita siku nzima na ramani isionyeshe kitu, kwa sababu walio jirani nayo wameliacha chaguo hilo kama lilivyokuja.