Polimidia: mbona ametuma voisi na hakupiga?

Mtu aliye Riyadh, na mamake yuko Langoni mjini Lamu, leo ana njia tele za kumfikia: maandishi, voisi, simu ya kawaida, simu ya mtandaoni, vidio, stetasi, grupu la familia. Njia zikiwa nyingi hivyo, ile aliyoichagua nayo husomwa kama sehemu ya habari. Akipiga vidio usiku wa manane siku ya kazi, mama hushtuka kabla hajapokea. Akiomba radhi kwa maandishi, ndugu husema ameona haya kulisema kwa mdomo. Hali hii ya kuishi katikati ya njia nyingi, mtu akawa anaulizwa kwa nini ameshika hii akaacha ile, ndiyo wataalamu huiita polimidia.

Dhana hii ililetwa na Mirca Madianou na Daniel Miller, waliochapisha kazi yao mwaka 2012 baada ya kuwafuatilia akina mama wa Kifilipino waliokuwa wakifanya kazi Uingereza, wengi wao wauguzi na watumishi wa nyumbani, pamoja na watoto waliowaacha kwao. Walichokiona ni kwamba zamani njia ilikuwa moja au mbili, na ubaya wake ulikuwa udhuru tosha. Barua ilichelewa kwa sababu posta ni posta. Simu ilikatwa haraka kwa sababu dakika ilikuwa ghali. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Njia zilipokuwa nyingi na rahisi, udhuru ule uliondoka, na lawama ikahama kutoka kwenye chombo ikamwangukia mtu.

Wenyewe waliweka masharti 3 ili hali hiyo iwepo kweli. Kwanza, njia hizo ziwe zinapatikana pande zote mbili. Pili, gharama iwe ni ya simu na bando, si ya kila ujumbe peke yake. Tatu, wahusika wajue kuzitumia. Masharti haya wengi huyaruka wanapoieleza dhana, nami naona ndiyo moyo wake, hasa kwa sisi wa pwani ambao watu wetu wako Saudia, Oman, Qatar na Imarati. Sharti moja likikosekana, huwezi tena kuusoma uchaguzi wa mtu, kwa sababu hakuchagua.

Tuchukue mfano. Binti wa Langoni amekwenda Riyadh kuwa kadama, mtumishi wa nyumbani, amemwacha mwanawe wa miaka 7 kwa bibi yake. Saa za Lamu na Riyadh ni zile zile, kwa hiyo hakuna wa kusingizia kwamba huku ni asubuhi na kule ni usiku. Kinachotofautiana ni siku yenyewe. Bibi huwa na nafasi baada ya alasiri, binti wakati huo yuko jikoni kwa watu. Binti hupata nafasi usiku baada ya vyombo vya mwisho, mtoto keshalala. Mwezi wa Ramadhani mambo huzidi, maana nyumba aliyomo hukesha kwa mapishi na wageni hadi daku.

Basi wamejipangia bila kuandikiana. Siku za kazi ni voisi. Ijumaa, kama kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, amemruhusu, ni vidio. Mambo ya pesa huandikwa: karo ya chuo cha Kurani na skuli, dawa za presha za bibi, deni la dukani. Yanaandikwa kwa sababu tarakimu hukaa, na pia kwa sababu kuomba kwa maandishi humwachia mwenye kuombwa nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kujibu. Ukimwomba mtu pesa kwenye vidio, uso wake ukabadilika, umemfedhehesha naye amekufedhehesha.

Voisi ndiyo inayobeba mzigo mkubwa, na ina sababu zake. Bibi amesoma chuoni, msahafu anausoma vizuri, lakini herufi za Kizungu zinamsumbua. Voisi haimdai kusoma wala kuandika. Haili bando: dakika nzima ya voisi kwa kawaida haifiki megabaiti 1, hali dakika ya vidio huweza kula kadhaa. Tena voisi hungoja. Nyumba za mawe za Lamu zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na ukiwa ndani mtandao hukatika. Voisi huingia pale bibi atakapopanda darini au atakapotoka barazani. Vidio haingoji. Ikija yuko ndani, picha hukwama, sauti hukatika, na nusu ya mazungumzo huwa ni "wanisikia?"

Ila voisi ina kitu kinachoumiza. Kwenye WhatsApp mtu anaweza kuzima zile tiki za buluu zinazoonyesha kwamba ujumbe umesomwa, lakini alama ya kwamba voisi imesikilizwa haizimiki. Kipaza sauti kidogo hugeuka buluu, basi. Kwa hiyo binti anajua mamake ameisikiliza saa tisa, na hadi usiku hajajibiwa. Huku bibi alikuwa anamngoja mjukuu arudi chuoni ili ajibu naye. Wote wawili wana haki, na wote wawili wameudhika.

Hapa ndipo kujua alama kunapofaa kuliko kujua dhana. Tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako lakini haujafika kwenye simu yake: huenda imezimwa, haina bando, au amekuzuia. Tiki mbili za kijivu, umefika. Buluu, umesomwa, isipokuwa kama alama hizo zimezimwa, na hapo kijivu hakikwambii kama umesomwa au la. Kwa kadama, tiki moja inayokaa siku mbili tatu, na stetasi haisogei, si jambo la kununa. Mashirika ya haki za binadamu yameeleza mara nyingi jinsi baadhi ya waajiri wa Ghuba wanavyowanyang'anya watumishi simu au kuwapa kwa saa chache tu kwa wiki. Binti huyo polimidia kwake haipo, ana njia moja, na ufunguo wake ameshika mtu mwingine. Familia inayomsoma kana kwamba yuko huru humpa kosa lisilo lake: "Ashasahau kwao." Afadhali kukubaliana kabla hajapanda ndege ni siku ngapi zitapita kimya kabla jamaa hawajampigia ajenti, na namba ya ajenti iandikwe pembeni, isikae kwenye simu yake peke yake.

Kuna na serikali. Imarati, simu za sauti na vidio za WhatsApp zimefungwa, ingawa maandishi na voisi hupita. Zinazoruhusiwa ni programu zenye leseni, kama BOTIM. Saudia iliondoa marufuku ya simu za mtandaoni Septemba 2017, lakini za WhatsApp ziliendelea kukwama kwa miaka, na ndiyo maana programu iitwayo imo ilienea sana kwenye simu za watu wetu. Sasa fikiria ndugu wawili, mmoja Milan na mmoja Dubai. Wa Milan kila Jumapili yuko kwenye vidio, mama anamwona anavyonenepa. Wa Dubai hutuma voisi tu. Mtaani Malindi husemwa wa Milan ndiye mwenye mapenzi. Hakuna anayetaja kwamba kwa yule wa Dubai kitufe cha vidio kipo na hakifanyi kazi, na kwamba ili wazungumze kwa BOTIM ni lazima mama naye awekewe programu hiyo na aonyeshwe kuitumia. Mtoto wa jirani akimwekea, wiki mbili baadaye simu ikijaa picha mama huifuta kwa sababu haijui ni ya nini.

Mahali ambapo uchaguzi wa njia huumiza kuliko pote ni kwenye msiba. Desturi ya pwani inajulikana: habari ya mauti haimwagiwi mtu. Aliye mbali hupigiwa kwanza mwenziwe aliye karibu naye, amwendee, ahakikishe hayuko peke yake wala njiani, kisha mzee wa nyumba ndiye anayempigia kwa sauti. Huandiki. Hupigi vidio, maana ataona nyuso na vilio kabla hajaambiwa kitu. Lakini grupu la familia lina watu 60, na katika hao yuko mmoja atakayeandika "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun" na jina la marehemu, wa pili aweke picha kwenye stetasi, yote kabla maiti hajaoshwa. Binti wa Riyadh hufungua simu bafuni kwa mwajiri wake akakuta rambirambi za babake. Anayeumia hapo haumii kwa kifo tu. Anajua kwamba wa kumpigia walikuwepo.

Kwa kuwa maziko yetu huwa siku ile ile, na tikiti na ruhusa ya kafili haviwezi kuwahi, kinachobaki ni vidio ya jeneza likitoka na dua makaburini. Kuna wanaoitaka na wasioitaka. Nimeona familia zikituma bila kuuliza, kwa nia njema, na mtu akaifungua kazini. Kuuliza kwa maandishi mafupi, "twakurekodia, ukitaka utaangalia", kunatosha.

Na mtoto je? Utafiti ule wa Ufilipino ulikuta kwamba akina mama walizisifu simu kuliko watoto walivyozisifu. Mama aliona amerudi kuwa mama, mtoto wakati mwingine aliona anachungwa, au aliona mgeni anayemjua kwa sauti. Langoni hilo halihitaji mtafiti. Bibi huita, "Ndoo, unene na mamako," na mtoto huja mbio wiki za mwanzo, kisha huja akitembea, kisha husema ana mpira. Vidio inamdai akae, atazame, ajibu "umekula nini" na "wasoma vizuri" kila Ijumaa. Baadhi ya akina mama wamegundua njia nyingine: simu huegemezwa kwenye mtungi, hakuna anayemhoji mtu, mtoto anaandika zoezi lake na mama yuko tu, anatazama. Dakika 40 hupita na maneno labda kumi. Hilo linataka bando kubwa au waifai ya jirani, linataka na kafili asiyechungulia, kwa hiyo si kila mtu atalipata. Lakini wanaolipata husema mtoto ndiye huanza kuuliza maswali.